Ova 2.5 Ina Thamani Gani? Hesabu ya Poisson Nyuma ya Bei za Mabao

Fungua ukurasa wa mechi katika programu yoyote ya kubashiri na utakuta mstari wa mabao: zaidi ya 2.5 na chini ya 2.5, ambao wachezaji wa mikeka huuita ova na anda. Kando ya kila upande kuna namba kama 1.80 au 2.10. Wengi huisoma namba hiyo kama ahadi ya malipo tu, kwamba ukiweka shilingi elfu moja utapata elfu mbili na mia moja. Ukweli ni kwamba namba hiyo ni kauli kuhusu uwezekano. Gawanya 1 kwa 2.10 utapata karibu 0.48. Kampuni inakuambia, baada ya kujiwekea faida yake, kwamba tukio hilo lina nafasi isiyofika asilimia 48.

Je, mtu wa kawaida anaweza kuipata namba yake mwenyewe, bila kutazama ya kampuni? Anaweza, na zana anazohitaji ni msimamo wa ligi wenye mabao ya nyumbani na ugenini, pamoja na programu ya majedwali kama Excel. Kazi yenyewe huchukua nusu saa. Kujua uiamini namba hiyo kwa kiasi gani ndiko kugumu zaidi, na makala haya yatakaa zaidi hapo.

Hesabu tutakayotumia ina jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeiandika mwaka 1837 katika kitabu kilichohusu hukumu za mahakama. Iliingia katika maisha ya watu baadaye, mwaka 1898, kupitia mtakwimu Ladislaus Bortkiewicz. Yeye alichukua kumbukumbu za askari wa farasi wa jeshi la Prusia waliouawa kwa mateke ya farasi, vikosi 10 kwa miaka 20, yaani rekodi 200. Vifo vilikuwa 122, wastani wa 0.61 kwa kikosi kwa mwaka. Kutokana na wastani huo mmoja, hesabu ya Poisson inatabiri kwamba rekodi 109 hivi hazitakuwa na kifo hata kimoja. Hali halisi ilikuwa 109. Inatabiri 66 zenye kifo kimoja, zilikuwa 65. Inatabiri 20 zenye vifo viwili, zilikuwa 22. Hakuna aliyejua farasi gani angempiga askari gani, lakini idadi zilijipanga zenyewe.

Bao la soka lina tabia inayokaribia hiyo. Ni tukio adimu linaloweza kutokea dakika yoyote. Timu hushambulia mara nyingi katika dakika 90, na karibu kila shambulizi huishia mikononi mwa kipa, kwenye miguu ya beki au nje ya uwanja. Kinachobaki ni mabao machache, moja au mawili. Tukijua timu inatarajiwa kufunga mabao mangapi kwa wastani katika mechi fulani, kanuni hii inatupa uwezekano wa kufunga 0, 1, 2, na kuendelea:

```
P(k) = λ^k × e^(-λ) / k!
```

Herufi λ, isomwayo lamda, ndiyo wastani unaotarajiwa. Herufi k ni idadi ya mabao tunayoiulizia, na e ni namba isiyobadilika, takriban 2.718. Alama ya mshangao inataka uzidishe k kwa kila namba kamili iliyo chini yake, kwa hiyo 3! ni 3 × 2 × 1 = 6. Hutahitaji kuifanya kwa mkono, kwa sababu Excel inayo tayari. Kazi yako ni kuipa lamda.

Tuchukue mechi ya kweli: Leicester City dhidi ya Manchester City, iliyochezwa uwanjani kwa Leicester tarehe 10 Desemba 2016. Nimeichagua kwa sababu msimu uliotangulia, 2015/16, ndio ule ambao Leicester walitwaa ubingwa wa Uingereza, na takwimu zake zinatosha kutengeneza modeli kamili. Tujiweke mahali pa mtu anayeketi kabla ya mechi akiwa na takwimu za msimu uliopita peke yake.

Msimu huo zilichezwa mechi 380. Timu za nyumbani zilifunga mabao 567, wastani wa 1.492 kwa mechi. Timu za ugenini zilifunga 459, wastani wa 1.208. Hivyo ndivyo vipimo vyetu vya kawaida, na kila timu itapimwa kwa kulinganishwa navyo. Leicester nyumbani walifunga mabao 35 katika mechi 19 na kufungwa 18. Manchester City ugenini walifunga 24 na kufungwa 20.

Anza na ushambuliaji wa Leicester. Mabao 35 kwa mechi 19 ni 1.842. Gawanya kwa wastani wa timu za nyumbani, 1.492, upate 1.235. Maana yake Leicester nyumbani walifunga asilimia 23 hivi zaidi ya timu ya kawaida. Sasa ulinzi wa Manchester City ugenini. Mabao 20 kwa mechi 19 ni 1.053, na kwa kuwa mabao hayo yalifungwa na timu za nyumbani, gawanya kwa 1.492 ile ile. Jibu ni 0.705: waliruhusu asilimia 70 tu ya yale ambayo timu ya kawaida huruhusu ikiwa safarini. Mabao yanayotarajiwa kwa Leicester ni wastani wa ligi ukizidishwa kwa nguvu hizo mbili:

```
1.492 × 1.235 × 0.705 = 1.30
```

Upande wa pili ni vilevile, ila sasa kipimo ni wastani wa ugenini. Ushambuliaji wa Manchester City ni 1.046, ulinzi wa Leicester nyumbani ni 0.784, na 1.208 × 1.046 × 0.784 inatoa 0.99. Hapa ndipo wanaoanza hukosea mara nyingi: hugawanya ulinzi wa timu ya nyumbani kwa wastani wa mabao ya nyumbani. Mabao anayofungwa mwenyeji hufungwa na mgeni, kwa hiyo lazima yapimwe kwa wastani wa wageni. Kuna njia rahisi ya kuigundua kasoro hiyo. Ukikokotoa nguvu ya ulinzi wa nyumbani kwa timu zote 20, wastani wake lazima uwe 1. Ukikuta 0.81, umegawanya kwa namba isiyo yake.

Tuna lamda mbili, 1.30 na 0.99. Katika Excel, uwezekano wa Leicester kufunga mabao mawili kamili unaandikwa hivi:

```
=POISSON.DIST(2,1.30,FALSE)
```

Jibu ni 0.23. Fanya hivyo kwa bao 0 hadi 6 kwa kila timu, kisha zidisha kila uwezekano wa Leicester kwa kila uwezekano wa Manchester City. Utapata jedwali la matokeo. Hii ni pembe yake ya juu, kwa asilimia, mabao ya Leicester yakishuka na ya Manchester City yakienda kulia:

```
        0     1     2     3
0    10.1  10.0   5.0   1.6
1    13.2  13.0   6.5   2.1
2     8.6   8.5   4.2   1.4
3     3.7   3.7   1.8   0.6
```

Tokeo lenye nafasi kubwa kuliko yote ni 1-0, nalo lina asilimia 13 tu. Hiyo ni sura ya kawaida ya soka. Hata tokeo linaloongoza hushindwa kutimia mara saba katika kila nane, na ndiyo maana odi za matokeo kamili huonekana nono. Ukijumlisha visanduku vyote ambavyo Leicester wana mabao mengi zaidi, unapata ushindi wao kwa asilimia 44. Ulalo wa katikati, yaani sare, unatoa 28, na zilizobaki 28 ni za Manchester City.

Kwa ova na anda huhitaji hata jedwali. Ukijumlisha namba mbili za Poisson zisizotegemeana, jumla yake nayo hufuata Poisson, na lamda yake ni jumla ya lamda hizo. Mabao ya mechi nzima yana lamda ya 2.29. Kwa hiyo ova 2.5, yaani mabao matatu au zaidi, ni:

```
=1-POISSON.DIST(2,2.29,TRUE)
```

Neno TRUE linaiambia Excel ijumlishe kuanzia 0 hadi 2. Jibu ni 0.401, na anda ni 0.599. Geuza kuwa bei kwa kugawanya 1: ova ni 2.49, anda ni 1.67. Bei hizi hazina faida ya mtu ndani yake. Kampuni inayotaka asilimia 5 itagawanya zote mbili kwa 1.05 na kutangaza 2.37 na 1.59. Ova 1.5 kwa njia ile ile inatoka 1.50, na ova 3.5 inazidi kidogo 5.

Mechi yenyewe iliisha Leicester 4, Manchester City 2. Jamie Vardy alifunga mabao matatu. Tokeo hilo modeli yetu ililipa asilimia 0.6, nafasi moja katika 170 hivi.

Je, modeli imefeli? Mechi moja haiwezi kujibu swali hilo. Mambo yenye nafasi ya 1 katika 170 lazima yatokee mara chache katika msimu wa mechi 380, na kuhusu ova, modeli ilisema ingetokea mara nne katika kumi, wala haikusema haiwezekani. Lakini kuna jambo ambalo tungelijua hata kabla ya mechi kuanza, na modeli haikulijua. N'Golo Kanté, kiungo aliyekuwa ngao ya ulinzi wa Leicester, alikuwa amehamia Chelsea kiangazi kile. Manchester City walikuwa na kocha mpya, Pep Guardiola, na mtindo mwingine kabisa wa kucheza. Leicester waliofungwa mabao 36 katika msimu mzima wa ubingwa walifungwa 63 msimu uliofuata. Ile 0.784 ya ulinzi ilikuwa kumbukumbu ya timu ambayo haikuwepo tena.

Tatizo la pili limejificha zaidi, nami naliona kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu lipo hata pale ambapo hakuna mchezaji aliyehama. Manchester City walifunga mabao 24 ugenini. Lakini 24 ni tokeo la bahati pia, siyo uwezo peke yake. Mipira miwili iliyogonga mwamba ingeingia, penalti moja ingetoka nje, na namba ingekuwa nyingine kwa timu ile ile. Poisson yenyewe inatupa kipimo cha mtikisiko huo: ni kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha pili cha 24 ni karibu 5, kwa hiyo uwezo wa kweli wa timu iliyofunga 24 ungeweza kuwa wa mabao 19 au wa 29 bila mtu kushangaa.

Modeli yetu imetumia namba nne za aina hiyo, 35, 18, 24 na 20, na kuzizidisha mbili mbili. Mitikisiko nayo huungana. Ukiifuatilia hadi mwisho, lamda ya mechi nzima si 2.29 kavu, bali ni 2.29 ikiwa na mtikisiko wa karibu 0.48 kila upande, kuanzia 1.81 hadi 2.77. Tazama bei inavyofanya ndani ya upana huo. Lamda ikiwa 1.81, ova 2.5 ina thamani ya 3.68. Ikiwa 2.77, ina thamani ya 1.91.

Hizo ni bei za dunia mbili tofauti, na zote zinakubaliana na takwimu zile zile. Mtu anayeona modeli yake imetoa 2.49, akaona kampuni inatoa 2.65, akaamini amepata pesa ya bure, anategemea desimali ambazo takwimu zake hazina nguvu ya kuzibeba. Excel itakupa tarakimu kumi baada ya nukta ukitaka. Zote hizo zimejengwa juu ya mechi 19.

Dawa inayosaidia zaidi ni kuzivuta nguvu za timu kuelekea 1, yaani kuelekea timu ya kawaida. Timu iliyoonekana ya ajabu kwa mechi 19 mara nyingi ilikuwa nzuri na pia ilibahatika, na sehemu ya bahati haitarudi msimu ujao. Tukizivuta nguvu zetu zote nne nusu ya njia, 1.235 inakuwa 1.117, 0.705 inakuwa 0.853, 1.046 inakuwa 1.023, na 0.784 inakuwa 0.892. Lamda zinabadilika kuwa 1.42 na 1.10, jumla 2.52. Sasa ova 2.5 ina uwezekano wa asilimia 46 na bei ya 2.16. Bila kujua habari za Kanté, modeli imekuwa na tahadhari kwamba ulinzi ule usingebaki vile. Nusu nimeichukua kwa ajili ya mfano. Kiasi kinachofaa hupatikana kwa kujaribu viwango kadhaa kwenye misimu ya nyuma na kuona kipi kilikaribia zaidi yaliyotokea.

Njia nyingine ni kutumia misimu mingi huku mechi za karibu zikipewa uzito mkubwa na za zamani zikififia taratibu. Hilo lilifanywa vizuri na Mark Dixon na Stuart Coles, watakwimu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, mwaka 1997. Walikuwa wakiiendeleza kazi ya Michael Maher ya 1982, ambayo ndiyo asili ya hizi nguvu za ushambuliaji na ulinzi tulizozikokotoa.

Dixon na Coles waligusa pia udhaifu mwingine. Tulipozidisha uwezekano wa timu moja kwa wa nyingine, tulidai kwamba mabao ya upande mmoja hayahusiani na ya upande wa pili. Katika mechi zenye mabao machache dai hilo halishiki. Matokeo ya 0-0 na 1-1 hutokea zaidi kuliko modeli inavyosema, na 1-0 na 0-1 hutokea pungufu. Marekebisho yao huhamisha uwezekano kidogo kati ya visanduku hivyo vinne tu. Mbashiri wa mabao azingatie hili: visanduku vyote vinne vina mabao mawili au chini, na marekebisho yamepangwa ili jumla yao isibadilike. Kwa hiyo bei ya ova 2.5 inabaki ilivyokuwa, hata kwa senti. Zinazobadilika ni bei ya sare, ya matokeo kamili, na ya ova 0.5 na 1.5. Mtu anayekuambia ameboresha ova 2.5 yake kwa marekebisho hayo hajaifuatilia hesabu hadi mwisho.

Modeli ikishakuwa tayari, inaweza kuwekwa mbele ya bei za kampuni, lakini kwanza lazima faida ya kampuni iondolewe. Tuseme ova na anda zote zimewekwa 1.90. Gawanya 1 kwa kila moja na ujumlishe: 52.6 na 52.6 ni 105.2. Ile 5.2 iliyozidi 100 ni ya mwenye duka. Gawanya kila upande kwa jumla hiyo na utapata maoni halisi ya kampuni, hamsini kwa hamsini, ambayo bei yake ingekuwa 2.00. Modeli yako ilinganishwe na 2.00 ukitaka kujua mnatofautiana kiasi gani, na na 1.90 ukitaka kujua kama kuna cha kununua.

Kwenye mkeka, asilimia hizo huzidishana. Mechi nane za namna hiyo, kila moja ikiwa 1.90 mahali pa 2.00, zinakurudishia kwa wastani shilingi 663 kwa kila 1,000 uliyoweka, hata kama kampuni imekadiria kila mechi sawasawa. Mechi moja peke yake ingekurudishia 950. Urefu wa mkeka unaovutia macho kwa malipo makubwa ndio unaoongeza sehemu ya kampuni, na hakuna modeli ya lamda inayoweza kuziba pengo la ukubwa huo.

Kabla ya kuitumia modeli kwa lolote, ipime kwa msimu mzima ambao haikuuona. Sharti hili ni gumu kuliko linavyosikika. Ukikokotoa nguvu za Leicester kwa mechi zote za 2015/16, kisha ukatabiri mechi ya Februari 2016, umeingiza mabao ya Machi, Aprili na Mei katika utabiri wa Februari, na matokeo ya jaribio yatakupendeza bure. Kila mechi itabiriwe kwa takwimu za kabla ya siku yake tu.

Kisha zipange mechi kwa makundi. Chukua zote ambazo modeli iliipa ova 2.5 kati ya asilimia 35 na 45, uhesabu ngapi zilipata mabao matatu au zaidi. Zikiwa karibu 40 katika 100, kundi hilo liko sawa. Zikiwa 48, modeli inaona mabao machache mno, na kasoro hiyo mara nyingi inatokana na kutovuta nguvu za ulinzi kuelekea 1. Fanya hivyo pia kwa kundi la 45 hadi 55 na la 55 hadi 65. Makundi ya pembeni huwa na mechi chache sana katika msimu mmoja, ishirini au pungufu, kwa hiyo yasubiri misimu mitatu au minne kabla hujayatolea uamuzi. Linganisha pia na modeli ya kizembe kuliko zote, ile inayoipa kila mechi lamda ya 2.70, yaani mabao 1,026 kugawanywa kwa mechi 380. Hiyo inasema ova 2.5 ni asilimia 51 kila siku, kwa kila timu. Ikiwa nguvu zako za ushambuliaji na ulinzi haziwezi kuishinda kwenye mechi ambazo hazijawahi kuziona, zirudishe kwenye jedwali, zivute zaidi, na uanze upya.